Sauti Inayopasuka kwenye Maiki ya Kola

Maiki ya kola ni kipaza sauti kidogo kinachobanwa kwa klipu kwenye shati, kanzu au mtandio wa anayezungumza mbele ya kamera. Hitilafu inayoisumbua zaidi ni sauti kupasuka. Msemaji ana sauti nzuri, maiki ni nzima, waya haujakatika, lakini video ikichezwa maneno yenye mkazo yanatoka na mkwaruzo, kicheko kinageuka mlio mkavu, na msikilizaji anatamani kupunguza sauti ya simu yake. Akiipunguza, mkwaruzo unabaki palepale. Mara nyingi maiki inatupiwa lawama na kununuliwa nyingine, nayo inapasuka vilevile, kwa sababu kasoro haimo kwenye maiki. Imo kwenye geini, yaani kiasi ambacho umeme wa sauti unaongezwa nguvu kabla ya kurekodiwa.

Ndani ya kichwa cha maiki hiyo mna kiwambo chembamba kinachotikiswa na pumzi ya sauti. Mtikisiko huo unazaa umeme hafifu, wa milivolti chache tu mtu anapozungumza kwa utulivu. Umeme wa kiasi hicho ni mdogo mno kurekodiwa, kwa hiyo unapitishwa kwenye amplifaya inayoukuza. Baada ya kukuzwa unafika kwenye kigeuzi, sakiti ambayo katika kazi za video huupima kwa kawaida mara 48,000 kila sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Faili la sauti ni mfululizo wa namba hizo.

Amplifaya ina mwisho wake. Inayolishwa umeme wa volti 3 haiwezi kutoa volti 5, hata sauti ya mtu iwe kubwa namna gani. Kigeuzi nacho kina mwisho. Katika rekodi ya biti 16, namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa ni 32,767, na upande wa chini ni -32,768. Wimbi la sauti likitaka kupanda juu ya hapo, kigeuzi hakina namba ya kuliandikia, kwa hiyo kinaandika 32,767, kisha 32,767 tena, na tena, mpaka wimbi lishuke chini ya dari. Kilele kilichokuwa cha mviringo kinatoka kikiwa kimekatwa bapa. Hiki ndicho mafundi wa sauti wanachokiita klipingi.

Sikio linaumizwa na kona za mkato huo. Wimbi la irabu kama *a* hupanda na kushuka kwa mwendo laini. Likikatwa ghafla, pale lilipokatwa panazaliwa milio mipya ya juu ambayo haikuwamo katika koo la msemaji, nayo ndiyo inayosikika kama mkwaruzo. Kibaya zaidi, umbo la kilele kilichokatwa halipo popote kwenye faili. Ndiyo maana kupunguza sauti baadaye hakusaidii: wimbi linapungua urefu, lakini ubapa wake unabaki.

Vipimo vya sauti kwenye kamera na programu za kuhariri huonyeshwa kwa desibeli, na dari imepewa namba 0. Kila kilicho chini ya dari kinaandikwa kwa alama ya kutoa, kwa hiyo -6 iko karibu na dari na -40 iko mbali nayo. Mambo mawili yatosha kukumbukwa kuhusu kipimo hiki. Kwanza, kila desibeli 6 zinazoongezwa hufanya urefu wa wimbi kuwa karibu mara mbili, na 20 huufanya kuwa mara kumi. Pili, umbali kati ya mdomo na maiki ukipunguzwa kwa nusu, sauti inapanda kwa takriban desibeli 6. Maiki iliyopimwa ikiwa sentimita 20 kutoka kidevuni, kisha ikahamishiwa karibu na kola kwa sentimita 10, imepandishwa desibeli 6 bila mtu kugusa kitufe chochote. Rekodi nyingi zinazoanza vizuri na kuharibika katikati zina kisa cha namna hiyo: msemaji alijirekebisha nguo, au alianza kuinamisha kichwa kusoma karatasi.

Mahali inapopasukia

Kwa maiki isiyo na waya, sauti haikuzwi mara moja tu. Maiki imeunganishwa na transimita iliyo kiunoni, au imejengwa ndani ya transimita yenyewe, na huko kuna geini ya kwanza. Mawimbi ya redio yanaifikisha sauti kwenye risiva iliyopachikwa juu ya kamera, ambayo nayo ina kiwango chake cha kutoa. Kutoka risiva, waya mfupi unaingia kwenye tundu la maiki la kamera, na kamera ina geini yake tena. Kila kituo kina dari yake, na sauti inaweza kukatwa katika kituo chochote.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mpiga picha anasikia sauti inapasuka, anafungua menyu ya kamera na kuishusha. Kipimo kwenye skrini kinashuka vizuri, rangi nyekundu inatoweka, vijiti vinacheza karibu na -12 kama inavyotakiwa, na mkwaruzo uko vilevile. Sauti ilikuwa imeshakatwa kwenye transimita. Kamera imepokea wimbi lenye vilele bapa na kulirekodi kwa uaminifu, likiwa dogo zaidi. Ni sawa na kutoa fotokopi ya karatasi yenye doa la wino: ukipunguza weusi wa mashine, doa linatoka hafifu, lakini maneno yaliyo chini yake hayarudi. Kipimo cha kamera kinasema ukweli kuhusu kamera peke yake.

Kituo kilichokosea kinaweza kutambuliwa kwa kutazama mchoro wa wimbi. Faili likifunguliwa katika programu ya bure ya Audacity na sehemu yenye mkwaruzo ikavutwa karibu mpaka wimbi mojamoja lionekane, vilele vilivyokatwa vinajionyesha kama mistari iliyonyooka. Vikiwa vimekatwa juu kabisa, kwenye 0, kilichozidiwa ni kigeuzi cha kamera au cha kinasa sauti. Vikiwa vimekatwa vyote kwa urefu mmoja lakini chini ya 0, tuseme -9, basi sauti iligonga dari mapema zaidi: kwenye transimita, kwenye risiva, au kwenye mlango wa kamera kabla ya geini yake. Programu hiyo ina pia chaguo la `Show Clipping in Waveform` linalopaka rangi nyekundu mahali palipogonga dari. Chaguo hilo linaangalia dari ya faili tu, kwa hiyo sauti iliyokatwa kwenye transimita inaweza kupita hapo bila doa hata moja jekundu. Jicho linaaminika kuliko rangi hiyo.

Si kila mkwaruzo ni klipingi, na dalili yake ni moja: huja na sauti kubwa na kuondoka nayo. Msemaji akinong'ona rekodi inakuwa safi, akipaza, inachafuka. Kitambaa kinachosugua maiki hutoa mchakacho hata mtu akiwa kimya, mradi anajisogeza. Upepo hutoa ngurumo nzito ya chini. Redio inayokatikakatika humeza silabi nzima, na hutokea zaidi msemaji anapogeuza mgongo au kusimama mbali. Kuna pia pumzi ya herufi *p* na *b* inayopiga moja kwa moja kwenye maiki; hiyo kweli inaweza kugonga dari, lakini tiba yake ni sponji na kuisogeza maiki kando kidogo ya njia ya pumzi.

Kupanga kiwango

Kazi inaanza kwenye nguo, kabla ya menyu yoyote. Maiki ikae katikati ya kifua, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mahali ambapo mtandio, mkufu au tai haitaigusa. Ikishabanwa isihamishwe, kwa sababu vipimo vyote vitakavyofuata ni vya umbali huo.

Kinachofuata ni kuzima upangaji wa sauti wa kiotomatiki kwenye kamera. Mfumo huo hupandisha geini msemaji anaponyamaza na kuishusha anapoanza tena. Matokeo yake, mvumo wa feni na wa barabara unapanda katika kila pumziko, na neno la kwanza baada ya kimya linakuta geini iko juu na kupasuka. Kwenye kamera nyingi za Canon, menyu ya video ina kipengele `Sound rec.` chenye chaguo la `Auto`, `Manual` na `Disable`. Ikichaguliwa `Manual`, mizani ya `Rec. level` inafunguka na kusogezwa kwa mkono.

Baada ya hapo sauti inapangwa kwa kufuata njia inayopita, kuanzia transimita. Msemaji aombwe aseme kama atakavyosema kwenye video yenyewe. Kuhesabu moja, mbili, tatu kwa unyonge ni kipimo kibovu, kwani hakuna anayehutubia kwa sauti hiyo. Aseme sentensi zake, kisha aseme ile atakayoipaza kuliko zote, acheke kama atacheka. Geini ya transimita ishushwe mpaka taa yake ya hatari isiwake hata kwenye kicheko hicho. Risiva nyingi huonyesha kipimo cha kila transimita kwenye skrini yake, na hicho ndicho cha kutazama katika hatua hii, si cha kamera.

Transimita ikishatulia ndipo kiwango cha risiva na cha kamera kinapopangwa kwa pamoja. Vikuza sauti vilivyo ndani ya kamera nyingi za picha ni vya hali ya chini na huongeza mvumo, kwa hiyo ni afadhali risiva itoe sauti yenye nguvu ya kutosha na kamera ibaki chini, katika robo ya kwanza ya mizani yake. Lakini kuna mpaka. Mizani ya kamera ikiwa karibu na mwisho wa chini na vijiti bado vinagonga juu, risiva inatoa kupita uwezo wa tundu la maiki, na ishushwe yenyewe. Risiva zenye swichi ya `MIC` na `LINE` huleta tatizo hili sana, kwani `LINE` hutoa umeme ulio mkubwa mara nyingi kuliko ule tundu la maiki lilioutegemea.

Kwenye kamera, alama ya kulenga ni -12. Maelekezo ya Canon yanataka kiwango kipangwe hivi kwamba sauti kubwa kabisa iivuke alama hiyo mara mojamoja tu, na alama ya kilele hubaki kwenye skrini kwa sekunde kama 3 ili mtu awahi kuiona. Mazungumzo ya kawaida yatakuwa yanacheza chini ya hapo, karibu na -20. Anayeona kipimo hicho kwa mara ya kwanza hudhani sauti ni ndogo mno. Sio ndogo. Nafasi iliyoachwa juu ni akiba ya kicheko na ya neno litakalopazwa bila kutarajiwa.

Mfano wa mchambuzi wa soka unaonyesha kwa nini akiba hiyo inahitajika. Anarekodi kipindi chumbani kwake. Kwa dakika nyingi anaeleza kwa utulivu jinsi timu ilivyojipanga, kisha anasimulia bao kwa kupiga kelele. Katika majaribio amezungumza kwa utulivu tu, na vilele vyake kwenye transimita vimefika -6. Inaonekana ni salama. Tatizo ni kwamba kelele yake ya bao inazidi mazungumzo yake kwa desibeli 14. Kutoka -6, kelele hiyo ilitaka kufika 8 juu ya dari, yaani wimbi lenye urefu wa karibu mara mbili na nusu ya nafasi iliyopo. Sehemu kubwa ya kila kilele imekatwa, na bao ambalo ndilo kiini cha video limetoka likiwa mkwaruzo mtupu.

Akishusha `Rec. level` ya kamera hapati kitu, kwa sababu iliyokwisha elezwa. Akishusha geini ya transimita kwa desibeli 12, mazungumzo yanashuka hadi -18 na kelele ya bao inafika -4. Chumba bado kipo cha desibeli 4, na wimbi zima limo ndani ya faili. Kinachobaki ni kwamba mazungumzo yanasikika madogo yakilinganishwa na kelele. Hilo linarekebishwa katika kuhariri: sehemu ya bao inashushwa kwa desibeli 6 au 8, kisha sauti ya video nzima inapandishwa. Tofauti ya nguvu kati ya sehemu mbili nzima inasawazishwa kwa dakika chache, tena bila hasara.

Hofu ya kuzidisha unyenyekevu wa geini ina msingi kidogo. Sauti iliyorekodiwa chini mno, tuseme vilele vyake havivuki -40, ikipandishwa inapanda pamoja na mvumo wa vikuza sauti. Kati ya -40 na 0 lakini kuna nafasi kubwa, na rekodi yenye vilele vya -18 inapandishwa bila msikilizaji wa kawaida kugundua lolote. Wapigaji picha wengi wanaogopa mvumo kuliko klipingi, na hapo wamegeuza mambo: mvumo mdogo huvumilika na hupunguzika, kilele kilichokatwa hakirudi.

Vifaa vya siku hizi vina njia za kujikinga. Limita hubana sauti inapokaribia dari. Inafaa kwa kicheko cha ghafla, lakini ikitegemewa kwa kila neno sauti inakuwa kama imebanwa kooni, na isipokuwa imewekwa kabla ya kigeuzi haizuii kitu. Transimita nyingine hurekodi nakala ya pili iliyo chini kwa desibeli kadhaa kuliko ya kwanza. Ya kwanza ikipasuka, sehemu iliyoharibika inachukuliwa kutoka ya pili. Anayerekodi harusi au mkutano, mahali ambapo hakuna kurudia, ana kila sababu ya kuiwasha. Vipo pia vinasa sauti vya biti 32 za aina ya `32-bit float`, ambavyo faili lake lina nafasi kubwa mno kiasi kwamba wimbi lililovuka 0 linaweza kushushwa baadaye likiwa zima. Hata hivyo kiwambo cha maiki na amplifaya iliyotangulia vina dari zao, na vikizidiwa, faili litahifadhi sauti iliyokwisha katwa.

Kwenye simu mambo ni machache zaidi. Maiki ya waya inayochomekwa kwenye simu kwa kawaida haina geini yake, na programu ya kamera iliyokuja na simu mara nyingi hupanga sauti yenyewe bila kumuuliza mtu. Zilizobaki ni njia mbili: kutumia programu ya video yenye kipimo cha sauti na mizani ya kusogeza, au kuishusha maiki yenyewe kifuani, ambako kila umbali ukizidishwa mara mbili huondoa desibeli 6. Risiva inayochomekwa kwenye tundu la chaji hupeleka sauti ikiwa imeshakuwa namba, kwa hiyo geini ya kuangalia ni ile ya transimita.

Baada ya kupanga, irekodiwe dakika moja ya majaribio na isikilizwe kwa hedifoni kutoka kwenye faili lenyewe. Kusikiliza wakati wa kurekodi hakutoshi, kwa kuwa hedifoni za kamera zenyewe zinaweza kupasuka zikipandishwa mno huku rekodi ikiwa safi, na sauti ya msemaji aliye chumbani humo hufunika mkwaruzo mdogo.

Kwa rekodi iliyokwisha haribika, Audacity ina kifaa cha `Clip Fix`. Kinatafuta vilele bapa, kinaishusha sauti ili kupata nafasi juu, kisha kinakisia umbo la kilele kwa kufuata mteremko wa wimbi kabla na baada ya mkato. Mahali palipokatwa kidogo, neno hapa na neno pale, sikio linaridhika. Kwa sauti iliyokatwa sentensi baada ya sentensi, kinapunguza ukali bila kurudisha sauti ya mtu. Mahojiano ya namna hiyo yarekodiwe upya. Mwenye kuhojiwa asipopatikana tena, maneno yake yaandikwe chini ya picha ili mtazamaji aweze kuyafuata kwa sauti ndogo.